Fulana 200 za Mei Mosi

Kampuni inapotaka fulana 200 za Mei Mosi, swali la kwanza huwa bei. Mchapaji makini wa Dar es Salaam kwanza huuliza nembo ina rangi ngapi, kwa kuwa katika uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake.

Tuseme fremu moja ni shilingi 30,000 na nembo ina rangi mbili. Hizo 60,000 zikigawanywa kwa fulana 200, kila moja inabeba 300. Kwa fulana 20, inabeba 3,000.

Saizi zikusanywe kwa majina ya wafanyakazi, zisikisiwe. XXL mara nyingi huwa na bei yake, kwa hiyo profoma iitenge.

Kisha ije sampuli: fulana halisi, si picha ya simu. Mteja aivute pale penye nembo, kisha aifue. Wino ukipasuka, huenda haukukaushwa kwa joto la kutosha. Akiridhika, asaini, na mchapaji abaki na nakala.

Profoma iseme wazi kwamba siku za kazi, tuseme nane, zinahesabiwa tangu saini hiyo na malipo ya awali. Sampuli ikikaa mezani kwa meneja siku tatu, mzigo nao unachelewa siku tatu.