UFAFANUZI KUHUSU UPIMAJI WA KINA CHA ZIWA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa jinsi ramani ya kina cha ziwa inavyotengenezwa, ili waisome kwa uangalifu unaostahili. Mfano uliochukuliwa ni Ziwa Viktoria.

Chombo husafiri kwa mistari iliyonyooka kutoka ufukweni kwenda kilindini. Kipima kina hutuma sauti hadi chini na kuhesabu muda wa mwangwi kurudi, na papo hapo GPS huandika mahali chombo kilipo. Kila namba ya kina hufungwa na mahali pake. Kisha pointi zenye kina sawa huunganishwa kwa mstari wa kontua.

Kipima kina hupima muda tu, wala si mita. Mita hupatikana kwa kuzidisha muda kwa kasi ya sauti. Katika maji baridi ya ziwa yenye joto la nyuzi 25 sauti huenda mita 1,497 kwa sekunde. Katika bahari ya Dar es Salaam hukaribia mita 1,540. Hivyo, kipima kina kilichonunuliwa Kariakoo na kurekebishwa bandarini, kikipelekwa Mwanza bila kubadilishwa, kitaonyesha zaidi ya mita 41 mahali penye mita 40. Kosa hilo hubainika kwa kushusha bamba la chuma kwa kamba iliyopimwa chini ya kifaa cha sauti na kulinganisha namba.

Jambo la pili ni usawa wa maji. Ziwa lilishuka sana mwaka 2006 na kupanda sana mwaka 2020, kwa tofauti inayozidi mita 2. Kwa hiyo kila kina hurejeshwa kwenye usawa mmoja uliokubaliwa. Tuseme chombo kimesoma mita 6.2, na kifaa cha sauti kiko mita 0.4 chini ya uso wa maji. Kina cha siku hiyo ni mita 6.6. Ikiwa maji yako mita 1.3 juu ya usawa uliokubaliwa, ramani itaandikwa mita 5.3. Asiyeondoa mita hizo atampa nahodha kina kisichokuwepo maji yakishuka.

Jambo la tatu ni wakati. GPS ikichelewa sekunde 1 na chombo kikienda mita 4 kwa sekunde, kila kina huandikwa mita 4 kando ya mahali pake. Dalili yake ni kontua iliyokatwakatwa kama meno ya msumeno pale mistari ya kwenda inapopakana na ya kurudi.

Mwisho, wasomaji wazingatie kuwa kati ya mstari na mstari hakuna kilichopimwa. Iwapo mistari iko mita 50 mbalimbali, mwamba mdogo waweza kusimama katikati bila kuonekana, ijapokuwa kontua imepita hapo kwa utulivu.