Pembe Mbili, Masafa Yaleyale

Chukua mpira wa kumwagilia bustani, uweke mdomo wake chini kabisa usawa wa ardhi, kisha uuinue kidogo kidogo huku maji yakitoka kwa nguvu ileile. Mwanzoni kila ukiinua, maji yanafika mbali zaidi. Halafu yanagoma. Ukiendelea kuinua, yanaanza kurudi karibu nawe, na kila sehemu yalipoangukia wakati wa kwenda yanaipitia tena wakati wa kurudi. Kwa hiyo kila masafa, isipokuwa yale ya mbali kabisa, yana njia mbili za kuyafikia: moja ya chini na nyingine ya juu. Zipime pembe hizo mbili kisha uzijumlishe, utapata nyuzi 90 kila mara.

Ili kuona sababu, tuseme maji yanatoka kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde. Kasi hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: sehemu yake inayapandisha maji, sehemu nyingine inayasogeza mbele. Kazi hizi haziingiliani. Mvuto wa dunia unapunguza ile ya kupanda kwa karibu mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita, lakini ile ya kwenda mbele hauigusi.

Kwa pembe ya nyuzi 30, kasi ya kupanda ni mita 5 kwa sekunde, na ya kwenda mbele ni mita 8.7. Kupanda kunakwisha baada ya nusu sekunde, kushuka kunachukua nusu nyingine. Maji yamekaa hewani sekunde 1, basi yameangukia mita 8.7 kutoka mdomo wa mpira.

Sasa inua hadi nyuzi 60. Kasi zilezile zimebadilishana nafasi: ya kupanda ni 8.7, ya mbele ni 5. Maji yanakaa hewani sekunde 1.74, lakini yanasonga mbele polepole. Zidisha 5 kwa 1.74, unarudi palepale: mita 8.7. Mkondo wa chini umewahi kufika kwa sababu una mbio, wa juu umechelewa lakini umepata muda mrefu zaidi wa kusafiri. Masafa hutokana na kuzidisha kasi ya kupanda kwa kasi ya mbele, na kuzidisha hakujali kipi kimetangulia.

Hapo ndipo jibu la pembe bora linapojitokeza. Chora mstatili ambao upande mmoja ni kasi ya kupanda na wa pili ni kasi ya mbele. Mstari wa kona kwa kona ni kasi yenyewe ya maji, kwa hiyo urefu wake haubadiliki: ni 10 daima. Nyuzi 30 na nyuzi 60 ni mstatili mmoja, mara umelazwa, mara umesimamishwa. Tunachotafuta ni mstatili wenye eneo kubwa kuliko yote yenye mstari huo wa 10, nao ni mraba. Pande zikilingana, pembe ni nyuzi 45, kila upande ni 7.07, na maji yanafika mita 10.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni jinsi pembe hii ilivyo na huruma. Ukikosea kwa nyuzi 5, ukarusha kwa 40 au 50, unapoteza sentimita 15 tu. Lakini ukishuka kutoka nyuzi 15 hadi 10, umepoteza mita 1.6 nzima, kutoka mita 5 hadi 3.4.

Mtaliano Niccolò Tartaglia aliitaja nyuzi 45 kwa ajili ya wapiga mizinga katika kitabu chake cha mwaka 1537, ingawa umbo sahihi la njia ya risasi hakulijua. Uthibitisho, pamoja na ule wa pembe mbili za masafa sawa, aliutoa Galileo katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1638. Galileo mwenyewe alieleza kwamba hewa huiharibu hesabu hiyo, hasa kwa risasi za kasi kubwa.

Hesabu inategemea pia kwamba kitu kinaangukia usawa uleule kilikotokea. Mrusha tufe huiachia ikiwa kwenye kimo cha mita 2 hivi. Kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde, pembe bora inashuka hadi karibu nyuzi 42. Hata hivyo warushaji hodari hutumia chini ya 40, kwa kuwa mwili wa binadamu hausukumi juu kwa nguvu uliyo nayo wa kusukuma mbele: kila unavyoinua pembe, kasi inapungua. Mkuki nao hubebwa na hewa. Mkenya Julius Yego alipotwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, alikuwa katika mchezo ambao pembe za kurushia huwa kati ya nyuzi 30 na 40.