NITARUDI WAPI? JINSI YA KUANDIKA MAELEZO BINAFSI YA KUOMBA UANAGENZI

Kila nafasi ya uanagenzi yenye ufadhili ikitangazwa, vijana wa Lodwar na Kakuma hujaza fomu kwa wingi na wachache sana huitwa. Fomu nyingi huuliza mambo matatu: una haja gani, unaweza nini, na utafanya nini ukirudi nyumbani. Msichana mmoja wa mtaa wa Kanamkemer aliyemaliza kozi ya umeme alituletea rasimu yake chamani. Fomu ni ya Kiingereza, lakini aliandika kwanza kwa Kiswahili ili mawazo yakae sawa. Aliomba miezi 6 katika karakana ya pampu za sola huko Nairobi.

Kuhusu haja alikuwa ameandika, "Natoka katika familia maskini sana Turkana." Sasa jamani, ni nani huku hawezi kuandika hivyo? Ukifuta jina na mtu mwingine akaweza kutia sahihi yake hapo, sentensi hiyo haijasema kitu. Tukamwuliza maswali, naye akaandika upya: "Kabla ya ukame wa 2020 hadi 2023 tulikuwa na mbuzi 60, wakabaki 9. Nilimaliza kozi kwa basari. Nauli na chumba cha Nairobi kwa miezi 6 hatuviwezi." Akaongeza kwamba chuoni alijifunza nyaya za nyumba tu, hakuwahi kufungua pampu. Sentensi hiyo ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu umaskini peke yake unaomba msaada wowote, lakini pengo la ujuzi linaomba nafasi hii hasa.

Uwezo nao hauonyeshwi kwa "mimi ni mchapakazi". Yeye alikuwa na kisa kizuri lakini alikiacha eti ni kidogo. Pampu ya sola ya kijiji cha mjomba wake ilikuwa ikitoa maji saa sita mchana tu, tena kidogo. Watu walisema imekufa. Yeye alikuta paneli zimejaa vumbi na waya mmoja umelegea. Akazima, akakaza, akaosha paneli asubuhi kabla hazijapata moto. Kesho yake tangi la lita 10,000 lilijaa kabla ya saa kumi. Hapo msomaji anaona alivyofikiri. Tena mwenyekiti wa kamati ya maji anaweza kushuhudia, na hilo ni muhimu, maana barua ya shahidi ikisema tofauti na maelezo yako umekwisha.

Sehemu ya tatu ndiyo huangusha wengi. "Nitaisaidia jamii yangu" haitoshi, na "nitajenga kiwanda cha sola" ni mbaya zaidi, kwa kuwa miezi 6 ya karakana haizai kiwanda. Mpango uzaliwe na kile utakachojifunza, na useme pesa zitatoka wapi. Dada huyu alienda kwanza kuongea na kamati 3 za maji. Mbili zilikubali kumlipa ada ndogo ya kukagua pampu kila mwezi, ya tatu ikakataa. Aliandika yote, hata ile iliyokataa! Sisi tuliona ni sawa, kwani inaonyesha kwamba aliuliza kweli.

Sasa tuje Kakuma, kama kilomita 120 kutoka hapa. Kambi ilianzishwa 1992. Mwenzetu mkimbizi akisoma "ukirudi nyumbani" anakwama. Nyumbani ni wapi? Wengine huandika "nitarudi Sudan Kusini" wakidhani ndilo jibu linalotakiwa. Lakini ikiwa umeomba hifadhi kwa sababu huko si salama, maneno hayo yataleta maswali. Ni afadhali kuandika ukweli: "Nitarudi Kakuma 3, ninakoishi," kisha mpango ufuate papo hapo kambini.

Aseme pia karatasi zitakazomwezesha. Kwenda Nairobi, mkimbizi wa kambini huhitaji kibali cha kusafiri. Akienda ng'ambo, huhitaji hati ya safari ya wakimbizi, ile ya Mkataba wa 1951. Nchi iliyoitoa huahidi kumpokea tena wakati wowote hati ingali hai, kwa hivyo aangalie tarehe ya mwisho wake: isiishe kabla ya uanagenzi kwisha.

Tena asichanganye mipango. Ule wa WUSC wa Kanada, ulioanza 1978, huwapeleka wanafunzi wakimbizi wakasome na kukaa huko moja kwa moja. Mtu akinakili maelezo aliyoandikia mpango kama huo na kuyapeleka kwenye uanagenzi wa miezi 6, msomaji ataona mtu anayeaga, si anayerudi.

Dada wa Kanamkemer alipeleka fomu yake mwezi uliopita. Bado anangoja jibu, lakini zile kamati mbili zimeshamwita akague pampu.