Barua ya Mkopo ya Fundi Cherehani (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye anwani na salamu. Leo tuingie kwenye kiini cha barua, yaani aya ambayo kamati ya mikopo ya SACCOS huisoma mara mbili.

Tuchukue mfano wa fundi wa sare za shule mwenye cherehani moja na msichana anayejifunza kazi. Rasimu yake ya kwanza iliomba cherehani tatu. Nilimuuliza: nani atazikalia? Tena kazi yake haikwami kwenye kushona. Hukwama jioni, anapobeba sketi nne kwenda kwa jirani kupigiwa ovaloki kwa shilingi 500 kila moja, akapanga foleni hadi giza linaingia. Ombi likabadilika:

"YAH: OMBI LA MKOPO WA SHILINGI 900,000. Naomba fedha za kununua ovaloki moja (600,000) na cherehani moja (300,000) ya msaidizi wangu. Kwa siku 24 za kazi kwa mwezi, nitaokoa shilingi 48,000 ninazolipa kwa jirani. Nguo nane kwa siku za mafundi wenzangu zitaniingizia 96,000. Nikitoa 30,000 za nyuzi na umeme, nabaki na 114,000."

Ona kwamba hakuna neno "faida kubwa" hapo. Kila tarakimu inaweza kukaguliwa na mjumbe yeyote atakayekwenda kusimama kibarazani kwake siku moja na kuhesabu nguo.

Sasa marejesho, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Mkopo wa miezi 12 ukigawanywa sawasawa ni 75,000 kwa mwezi, na riba ya asilimia 1.5 ya salio huongeza 13,500 mwezi wa kwanza. Jumla 88,500. Kwa mwezi mzuri zinalipika. Lakini Februari, wazazi wakishamaliza kununua sare, kazi ikipungua kwa nusu atabaki na 57,000 tu. Ratiba iliyonyooka itamvunja mwezi huo, naye ataanza kukopa kwingine ili alipe huku.

Kwa hiyo aliandika ratiba inayofuata msimu. Rejesho la kwanza Oktoba, 75,000 pamoja na riba. Novemba vivyo hivyo. Desemba na Januari, sare zikiwa zimepamba moto, 125,000 kila mwezi. Februari na Machi, 25,000 tu. Kuanzia Aprili anarudi kwenye 75,000 hadi Septemba. Februari, riba ikiwa 7,500 kwa salio la 500,000, atatoa 32,500, na chakula cha nyumbani hakiguswi.

Kabla ya kutia saini, aliuliza kama riba inahesabiwa kwa salio au kwa mkopo wote hadi mwisho. Ingekuwa ya mkopo wote, angelipa 13,500 kila mwezi hata akibakiwa na deni la 75,000.

Juma lijalo: wadhamini, na ankara ya bei kutoka dukani.