Salamu kwa Rafiki Anayetimiza Miaka 30

Ujumbe wa kumtia moyo rafiki anayetimiza miaka 30 bila ndoa wala kazi ya kudumu huharibika pale unapoanza na "usijali" au "wako yuko njiani". Maneno hayo, hata yakitoka moyoni, humthibitishia kwamba kweli amechelewa. Kinachofaa ni kutaja jambo moja alilolifanya, kisha kumwomba msaada, kwa maana anayehurumiwa haombwi ushauri. Kwa dada aliyemsomesha mdogo wake kwa mshahara wa kibarua, yatosha kuandika: "Hongera kwa miaka 30. Mdogo wako amemaliza chuo kwa jasho lako, nami nimeliona. Jumamosi nakuja na biriani, unikagulie hesabu za duka." Habari ya ndoa isubiri mpaka aianzishe mwenyewe.