Ukipewa notisi, likizo yako haiendi nayo

Barua ya kusitishiwa kazi huja mara nyingi na sentensi moja ya ziada inayoonekana kama hisani: "Katika kipindi cha notisi utachukua likizo yako iliyobaki, hivyo huna haja ya kurudi kazini." Mfanyakazi husoma, hushukuru kwamba atapumzika, husaini. Kwa sheria ya Tanzania, sentensi hiyo imemnyang'anya fedha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kuwa notisi haitolewi mtu akiwa likizo, na wala haitembei sambamba na likizo. Ni haki mbili zenye kazi tofauti. Notisi inakupa muda wa kutafuta pa kwenda huku mshahara ukiendelea. Likizo ni mapumziko uliyokwisha kuyafanyia kazi. Mwajiri anayezilaza juu ya nyingine analipa moja na kuhesabu kwamba amelipa zote.

Tuchukue mfano. Tuseme Mwanaidi ni mtunza stoo wa kampuni moja Dar es Salaam, anafanya kazi siku sita kwa wiki. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi, na posho ya nyumba 130,000. Jumla 910,000 kabla ya makato. Mwaka wake wa likizo unaanza 1 Januari, na likizo ya mwaka uliopita aliimaliza. Tarehe 2 Juni anapewa barua: notisi ya siku 28, kuanzia 3 hadi 30 Juni. Siku 28 ndicho kiwango cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi akishapita mwezi wa kwanza kazini. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, ila lazima uwe sawa kwa pande zote mbili.

Akiendelea kufanya kazi mpaka tarehe 30, hesabu ni nyepesi. Anapata mshahara wa Juni, 910,000. Kisha inakuja likizo ya nusu mwaka. Sheria inampa mfanyakazi mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 alizofanya kazi au alizostahili kufanya kazi. Namba hiyo 13 inawashangaza wengi, lakini ina mantiki yake. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, yaani wiki nne, na kwa mtu wa siku sita kwa wiki humo mna siku 24 za kazi. Mwaka mzima una siku za kazi 312. Gawa 312 kwa 13, unapata 24 zilezile.

Kwa miezi sita Mwanaidi ana siku 156, hivyo amejipatia siku 12. Mshahara wa msingi wa siku moja, kwa mwezi wa siku 26 za kazi, ni 30,000. Likizo yake ni 360,000, na jumla ya mkononi ni 1,270,000, ukiacha kiinua mgongo na nauli ya kurudi alikoajiriwa kama anastahili, ambavyo vina hesabu yake.

Sasa mwajiri anaweza kuamua kwamba hataki kumwona stoo mwezi huo. Labda anaogopa mali, labda Mwanaidi anajua bei za wateja. Anamwambia akabidhi funguo, akae nyumbani, mshahara utaingia kama kawaida. Mtindo huu umezoeleka sana kwenye mabenki na kwa maofisa mauzo. Hapa ndipo watu wanapojichanganya, kwa sababu kukaa nyumbani kunafanana na likizo. Lakini Mwanaidi bado ni mwajiriwa hadi 30 Juni. Mchango wake wa NSSF unaendelea, posho ya nyumba inaendelea, na yeye naye hana ruhusa ya kwenda kumfanyia kazi mshindani kabla ya tarehe hiyo. Akiitwa kuja kukabidhi vitabu, lazima aje. Mtu aliye likizo haitwi hivyo. Na kwa kuwa siku hizo ni siku ambazo alistahili kufanya kazi, zinaingia kwenye hesabu ya 13. Malipo yake yanabaki 1,270,000 bila kupungua senti.

Mwajiri aliyeandika ile sentensi ya mwanzo angemlipa 910,000 tu. Hizo 360,000 zilizopotea ndizo bei ya kusaini bila kuuliza.

Njia ya tatu ni kulipa badala ya notisi. Mwajiri anaruhusiwa kukata ajira siku hiyohiyo, mradi alipe kile ambacho mfanyakazi angepata kama angefanya kazi kipindi chote cha notisi. Kwa Mwanaidi, siku 28 zina siku 24 za kazi, na siku moja kwa malipo yake yote ni 35,000. Notisi ni 840,000. Ongeza siku mbili alizofanya Juni, 70,000, anarudi kwenye 910,000. Likizo, hata hivyo, inasimama siku ajira inapokoma. Hadi mwanzo wa Juni ana siku 10 tu, yaani 300,000. Tofauti ya 60,000 ni halali, na ni vizuri aijue kabla ya kushangilia kwamba amelipwa haraka.

Kosa la kuangalia katika njia hii liko kwenye posho. Likizo inapigwa kwa mshahara wa msingi, lakini notisi inapigwa kwa malipo yote ambayo angepata. Ofisi nyingine hutumia msingi kwa vyote viwili. Hapo notisi ya Mwanaidi ingeshuka hadi 720,000, na 120,000 zingebaki kwa mwajiri.

Upande wa mfanyakazi nao una mtego. Ukiacha kazi mwenyewe na ukakataa kutumikia notisi, mwajiri anaweza kukata kiasi cha notisi hiyo kwenye fedha zako za mwisho, ikiwamo ya likizo. Ndiyo maana bosi akikuambia kwa mdomo "nenda tu, usisumbuke", omba aandike, hata kwa ujumbe wa simu. Bila maandishi, ruhusa yake inaweza kugeuka kuwa utoro wako. Kenya wana ulinzi mzuri hapa: mfanyakazi akitoa notisi na mwajiri akamwachilia asiitumikie, mwajiri ndiye anayelipa siku zilizobaki, isipokuwa wamekubaliana vingine.

Likizo za zamani ndizo zinazoleta ugomvi mkubwa. Likizo inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake kwisha, au ndani ya miezi 12 kama mfanyakazi amekubali na kazi inadai hivyo. Ukikaa kimya miaka mitatu ukidhani unaweka akiba, unaweza kukuta huna cha kudai. Omba likizo kwa barua kila mwaka, na ukikataliwa tunza majibu.

Barua ya kusitishwa ikifika, tafuta ndani yake mambo matatu: tarehe ambayo ajira inakoma, fedha ya notisi, na fedha ya likizo katika mstari wake peke yake. Mstari wa likizo ukikosekana, uliza kabla ya kusaini. Wasipojibu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea madai ya malipo ndani ya siku 60. Ukipinga kusitishwa kwenyewe kuwa si kwa haki, una siku 30 tu.