Je, Wajua? Filimbi kila sekunde 30

Februari 2, 1974, mjini Christchurch, mkimbiaji Mtanzania Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia: 3:32.2. Lakini anayeanza kukimbia asimwige kwa kutoka kasi tangu mwanzo! Mwalimu apange koni kila mita 100 kwenye uwanja wa mita 400, apulize filimbi kila sekunde 30. Anayefika koni kabla ya filimbi apunguze mwendo, asisimame. Mizunguko minne itachukua dakika 8. Wakimbiaji wakihema hadi washindwe kuzungumza, filimbi iwe kila sekunde 36. Wakizoea, filimbi ilie mara moja tu kwa mzunguko. Hapo ndipo wenye pupa hujulikana, kwani huwahi mzunguko wa kwanza na kuchelewa wa tatu.